PAKA DUME ANAYEJIKAZA KUKOJOA HAWEZI KUNGOJA KESHO

Hapa kwetu Ufipa paka ni mlinzi wa mahindi. Ifikapo Mei, Juni na Julai mavuno huingia nyumbani, na panya nao huyafuata. Mtu hujenga kihenge, hupanga magunia, kisha hutegemea paka alinde usiku. Lakini mlinzi huyu akiugua, wengi wetu hatuna habari.

Ng'ombe akikataa majani asubuhi, Bwana Mifugo huitwa siku hiyo hiyo. Paka akikaa uvunguni siku mbili, tunasema, "Mwacheni, atatoka mwenyewe. Paka ana roho saba." Mimi nasema usemi huo tuuache. Paka ana roho moja tu kama sisi. Kinachotudanganya ni kwamba paka huficha ugonjwa wake, na sisi hatujui mahali pa kuangalia.

Kazi yangu ni kutibu watu katika zahanati, si wanyama. Lakini watu huja dirishani kuomba vidonge vya paka, au huja wakiwa wameumwa na paka mgonjwa. Ndiyo maana leo nazungumza juu yake. Nitaeleza jinsi ya kutofautisha hofu na ugonjwa. Kisha nitaeleza ugonjwa mmoja unaoua paka dume upesi, nao ni kuziba kwa mkojo.

KWA NINI PAKA HUFICHA UGONJWA

Paka huwinda, lakini naye huwindwa. Mbwa humkimbiza, na porini wako wanyama wanaomla. Mnyama mdogo anayeonyesha udhaifu hukamatwa kwanza. Kwa hiyo paka mwenye maumivu halii kama mbwa. Hunyamaza, hujikunja, hutafuta mahali pa giza. Hata kukoroma kwake kwa utulivu si ushahidi wa afya. Paka mwenye maumivu makali naye huweza kukoroma.

Basi usingoje kilio. Angalia mazoea yake. Je, bado anakuja chakula kinapowekwa? Je, analala mahali pake pa siku zote? Je, anajilamba na kuwa safi? Je, anakojoa? Paka aliyebadilika katika mambo haya anakuambia neno.

HOFU NA UGONJWA

Paka hapendi mabadiliko. Akiona mbwa mgeni, akisikia kelele za kupiga mahindi, au nyumba ikijaa wageni wa msiba au arusi, huingiwa na hofu. Utamwona ameinama chini, mkia umeuzunguka mwili, masikio yamelala, na mboni za macho zimepanuka hata mchana. Huenda akakojoa mahali asipopazoea. Huenda akajilamba tumbo mpaka manyoya yakatoka.

Hofu ya namna hii ina sababu unayoweza kuiona. Sababu ikiondoka, au paka akipewa mahali pake pa utulivu, hurudi katika hali yake. Usiku nyumba ikilala, atatoka, atakula, atakunywa na atakojoa.

Ugonjwa hauna adabu hiyo. Nyumba ikitulia, paka bado hali. Hapo hesabu saa. Paka mzima akikaa siku nzima, yaani saa 24, bila kula chochote, mpelekee Bwana Mifugo habari. Usiache zifike siku mbili. Paka hasa aliye mnene akikosa chakula siku kadhaa, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini na kulijaza. Ini likishajaa mafuta hushindwa kazi, na paka huzidi kukataa chakula. Kitoto cha paka hakiwezi kungoja hata siku moja.

Dalili nyingine ni pumzi. Paka akiwa amelala, tazama ubavu wake. Ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 2. Paka mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Akizidi 40 huku amelala, au akipumua kwa mdomo wazi kama mbwa, usisubiri saa yoyote. Huyo ni mgonjwa wa haraka.

HOFU HUWEZA KULETA UGONJWA WENYEWE

Usidhani kwamba hofu na ugonjwa havikutani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walitoa habari za paka 32 waliowatazama kwa wiki 77. Paka 12 walikuwa wazima, na 20 walikuwa na ugonjwa wa kibofu. Mambo yao ya kila siku yalipovurugwa, kwa mfano mlishaji alipobadilishwa au saa ya chakula ilipogeuzwa, hata wale wazima walianza kula kidogo na kujisaidia mahali pasipofaa.

Kiungo kinachoumia sana kwa hofu ni kibofu cha mkojo. Ngozi ya ndani ya kibofu huvimba na kuwasha, mara nyingi bila vijidudu vyovyote. Paka hujisikia kukojoa kila mara, lakini hutoka matone tu, na pengine yana damu. Akiwa jike, huumia, lakini njia yake ya mkojo ni fupi na pana, hivyo ni nadra kuziba. Akiwa dume, hatari huanza hapo. Njia ya mkojo ya dume ni ndefu, na kuelekea mwisho wake ni nyembamba sana. Ute wa kibofu kilichovimba ukichanganyika na chembe kama mchanga, huwa kizibo. Njia hufungwa.

Sasa fikiria hali yetu ya Juni na Julai. Ufipa kuna baridi na upepo. Paka hukaa karibu na jiko na hanywi maji mengi. Chakula chake ni ugali uliopoa na dagaa wakavu. Mkojo wake huwa mzito. Wakati huo huo nyumba imejaa magunia, watu na kelele. Hivyo mambo mawili, mkojo mzito na hofu, hukutana katika mwili mmoja.

MFANO WA PAKA MMOJA

Tuchukue mfano, tuufuate siku kwa siku. Nyumba fulani ina paka dume wa miaka 4, anaitwa Simba. Jumatatu magunia 20 yanaingizwa katika chumba anacholala. Wageni wanakuja kusaidia kupukuchua mahindi, nao wana mbwa.

Jumanne Simba yuko uvunguni. Usiku anakula dagaa wawili tu. Mpaka hapa mtu angeweza kusema ni hofu, na angekuwa na haki.

Jumatano asubuhi Simba anaingia kwenye majivu nyuma ya jiko, mahali anapokojoa siku zote. Anachuchumaa muda mrefu, anajikaza, anatoka. Baada ya muda mfupi anarudi. Kabla ya saa 4 asubuhi amerudi mara 5. Kila akitoka anakaa na kujilamba sehemu za siri. Mama wa nyumba anasema, "Choo kimekuwa kigumu. Tumpe mafuta ya kula kijiko kimoja."

Hapa ndipo wengi hupotea. Paka aliyezibwa mkojo na paka mwenye choo kigumu huchuchumaa karibu sawa. Usibishane, tazama majivu. Binti wa nyumba anainama na kutazama. Majivu ni makavu. Kuna matone mawili tu, nayo ni mekundu. Paka mzima hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku, na majivu hubaki na donge lililolowa lenye ukubwa wa yai au zaidi. Simba hana donge lolote tangu jana jioni.

Kisha binti anamgusa tumboni polepole, karibu na miguu ya nyuma. Anasikia kitu cha mviringo, kigumu kama ndimu kubwa. Simba anatoa sauti na kutaka kuuma. Hicho kitu kigumu ni kibofu kilichojaa. Binti anaondoa mkono mara moja. Amefanya vizuri, kwa sababu kibofu kilichojaa kikibanwa huweza kupasuka ndani ya tumbo.

Je, nyumba hii ikingoja kesho, nini kitatokea? Figo huendelea kuchuja damu, lakini mkojo hauna pa kwenda. Uchafu uliopaswa kutoka hurudi katika damu. Pamoja nao huongezeka chumvi moja ya mwili iitwayo potasiamu. Potasiamu ikizidi, moyo hupiga polepole, halafu husimama. Kwa kawaida paka huyu angeanza kutapika Jumatano jioni. Alhamisi angelegea, masikio na miguu ingekuwa baridi, na asingejikaza tena. Watu wangesema, "Ametulia, sasa anapona." Kumbe anakufa. Paka aliyezibwa kabisa huweza kufa katika siku 2 au 3, na wengine hufa mapema zaidi.

Basi uamuzi wa nyumba hii unapaswa kuwa mmoja: Simba aende kwa mganga wa mifugo Jumatano hiyo hiyo, kabla ya mchana kwisha. Hata kama kibofu kingekuwa kidogo na laini, na matone yanatoka, dume anayejikaza aonwe siku hiyo. Asubuhi njia inaweza kuwa wazi, na usiku ikawa imeziba.

MAMBO MATATU YA KUACHA

Kwanza, usimpe dawa ya watu. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu naombwa mara kwa mara. Kidonge cha parasetamo, ambacho wengi huita panado, kinamsaidia mtu mwenye homa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 huweza kumwua paka. Ini la paka halina nguvu ya kuvunja dawa hiyo. Damu yake hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na pumzi humwishia. Usimpe nusu, wala robo, wala dawa ya maji ya mtoto. Kama amekwisha kupewa, usifiche. Mwambie mganga wa mifugo ni dawa gani, kiasi gani, na saa ngapi.

Pili, usimlazimishe kunywa maji, maziwa au mafuta kwa kumtilia kinywani. Paka aliyezibwa hana pa kutolea maji hayo. Pia humwingia kwa urahisi katika mapafu.

Tatu, usimbane tumbo ili mkojo utoke. Sababu nimekwisha kuieleza.

AKIKUUMA AU KUKUPARUA

Paka mwenye maumivu huuma, hata kama ni mpole. Mfunike kwa kanga au gunia safi kabla ya kumshika. Lakini kuna jambo lingine kubwa zaidi. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Paka mwenye kichaa hujificha gizani, sauti yake hubadilika, mate humtoka, na ghafla huweza kumrukia mtu bila kuchokozwa. Baadaye miguu hulegea. Kwa macho tu huwezi kuwa na hakika kama ni kichaa au ni ugonjwa mwingine. Paka mwenye dalili hizo usimshike kabisa. Funga mlango wa chumba alimo, ondoa watoto, na umwite Bwana Mifugo aje.

Ukiumwa au kuparuliwa mpaka ngozi ikachubuka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Nusu dakika haitoshi. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili waamue juu ya chanjo ya kichaa. Chanjo hiyo hutolewa kwa siku kadhaa zilizopangwa, na usiache hata moja. Kichaa kikianza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara huua.

Usimwue paka aliyekuuma kwa hasira, wala usimtupe. Akiwezekana kufungiwa kwa usalama, Bwana Mifugo humwangalia kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, basi hakuwa akitoa kichaa katika mate siku aliyokuuma. Habari hiyo humsaidia sana tabibu. Lakini wewe usingoje siku hizo ziishe ndipo uende zahanati.

SAFARI KWA MGANGA WA MIFUGO

Kwanza piga simu au tuma mtu kwa Bwana Mifugo wa kijiji au kata. Mwambie maneno haya: "Nina paka dume. Tangu saa fulani anajikaza na mkojo hautoki." Ukisema tu, "Paka anaumwa," huenda akadhani ni jambo la kungoja.

Mweke paka katika kapu lenye kifuniko au katika boksi lililotobolewa matundu. Weka kitambaa chake anacholalia, maana harufu anayoijua humpunguzia hofu. Funika kapu kwa kanga asione barabara. Ukipanda pikipiki, kapu lishikwe mapajani. Kamwe usimtie katika mfuko wa nailoni.

Mganga atamdunga dawa ya usingizi au ya kutuliza. Kisha huingiza mpira mwembamba sana katika njia ya mkojo, huusafisha mrija kwa maji ya chumvi yaliyo safi, na kuutoa mkojo. Huenda akamtundikia maji ya mshipa ili kusafisha damu na kuutuliza moyo. Pengine mpira huachwa siku moja au zaidi. Kazi hii si ya kujaribiwa nyumbani.

Lazima tuseme ukweli. Si kila Bwana Mifugo ana mpira mwembamba wa namna hiyo. Wengi wamezoea ng'ombe, nguruwe na kuku. Akikwambia hana, muulize ni nani anao, kisha ulizia kwa ofisi ya mifugo ya halmashauri au kwa daktari wa mifugo mjini Sumbawanga. Maoni yangu ni kwamba swali hili tuliulize mapema, siku ambayo hakuna mgonjwa. Tuliulize katika mkutano wa kijiji: "Paka wetu akizibwa mkojo, ni nani wa karibu anayeweza kumfungua, na simu yake ni ipi?" Kutafuta jibu Jumatano mchana, paka akiwa kapuni, ni kuchelewa.

Kama hakuna mtaalamu anayefikika, usimwache paka afe kwa siku tatu za mateso. Mwombe Bwana Mifugo ammalize kwa dawa bila maumivu. Huo nao ni utunzaji.

AKISHAPONA

Kuziba huku hurudi mara nyingi, hasa katika wiki za kwanza. Kwa hiyo endelea kutazama majivu kila asubuhi na jioni kwa mwezi mzima.

Kisha ondoa yale mambo mawili tuliyoyataja. La kwanza ni mkojo mzito. Mwekee maji safi katika bakuli pana, mahali pawili, mbali kidogo na chakula. Loweka dagaa, mwaga maji yale ya chumvi, halafu mpe dagaa pamoja na maji mengine mengi safi. Maziwa yasichukue nafasi ya maji, maana paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa.

La pili ni hofu. Kabla magunia hayajaingia, mtengee paka kona moja isiyoguswa. Boksi lililolazwa ubavu na kuwekwa juu ya rafu linatosha. Mpe chakula saa ile ile kila siku. Mbwa wa wageni wafungwe nje. Majivu au mchanga wake uwe mahali pa utulivu, nao usafishwe.

Wako watakaosema, "Nauli na dawa ni ghali kuliko paka. Atakufa, tutachukua mwingine kwa jirani." Nawajibu hivi. Paka mwingine utampata, lakini ataingia katika nyumba ile ile, yenye dagaa wakavu na kelele zile zile, naye ataziba vile vile. Tena kitoto kipya hakikamati panya mpaka kimekua miezi kadhaa, na mahindi yako yataliwa katika miezi hiyo. Aliyefugwa nasi na kutufanyia kazi, naye ana haki ya kutazamwa anapoumia.

Ndugu msomaji, jioni ya leo fanya jambo moja. Muulize kila aliye nyumbani, "Paka wetu anakojoa wapi?" Kama hakuna anayejua, mpeni mtoto mmoja kazi ya kupajua na kupatazama kila siku. Akija kuwaambia kwamba dume anachuchumaa na majivu ni makavu, ondokeni siku hiyo hiyo.